Zamu ya mtoto kujibiwa

Anayedhani kwamba skrini ni tatizo la watoto wa Kinshasa na Nairobi peke yao hajakaa jioni moja kwenye nyumba ya Sake, Kitchanga au Walikale-Centre. Televisheni inaweza isiwepo, umeme wa waya haujafika, na mtandao unakuja na kuondoka. Lakini simu moja ya kugusa ipo. Inachajiwa kwa paneli ndogo ya jua au kwa kulipia kibandani, na ndani yake kuna kadi memori iliyojazwa na kijana mwenye kompyuta sokoni: nyimbo, sinema za Kinijeria, katuni kadhaa za Kifaransa. Kadi hiyo haili krediti. Mtoto wa mwaka mmoja akianza kulia wakati mama anasonga bugali, simu inawekwa mapajani mwake, picha inatokea, naye ananyamaza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu jambo hili Aprili 2019. Mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa mwaka mmoja hali kadhalika. Kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Ni rahisi kukumbuka, na ni rahisi pia kupuuza, kwa sababu mwongozo unataja dakika na hautaji kinachotokea ndani ya dakika hizo. Mimi naona kwamba kwa nyumba za Masisi na Walikale kuhesabu dakika ni kipimo dhaifu. Kilicho muhimu zaidi ni kujua mara ngapi kwa siku mtoto ametoa sauti, amenyoosha kidole au amegeuza uso, kisha mtu akamjibu. Utafiti mwingi uliofanywa tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ukiusoma kwa makini, unaelekea huko.

Tuanze Seattle, Marekani, ambako Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2003. Walichukua watoto wa miezi 9 waliozaliwa kwenye nyumba za Kiingereza, wakawaletea wasemaji wa Kichina cha Mandarini. Kundi moja lilikaa sakafuni na msemaji aliye hai, akicheza nao na kuwasomea vitabu, mara 12 katika wiki nne. Kundi la pili liliona wasemaji walewale, na vitu vilevile, kwenye skrini. Kundi la tatu lilisikia sauti tu. Baadaye walipimwa kama wanaweza kutofautisha sauti mbili za Mandarini ambazo Kiingereza hakizitenganishi. Waliokaa na mtu walifanya vizuri kama watoto waliokua wakisikia Mandarini nyumbani kwao. Wa skrini na wa sauti tupu hawakupata kitu. Walikuwa sawa na watoto ambao hawakuwahi kusikia lugha hiyo.

Jaribio hili nalitaja kwanza kwa sababu ya ile katuni ya Kifaransa. Wazazi wengi wa kwetu wanaiona kama maandalizi ya shule: mtoto atazoea lugha ya darasani mapema. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake walijaribu jambo hilohilo moja kwa moja kwa watoto wa miezi 12 hadi 18, wakitumia video maarufu ya kufundisha maneno. Baada ya wiki nne, watoto waliotazama hawakujua maneno mengi kuliko wale ambao hawakuiona kamwe. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno yaleyale na kuyatumia katika shughuli za kila siku, bila video. Tena wazazi walioipenda ile video ndio waliokadiria kwa wingi kwamba watoto wao wamejifunza. Mtoto wa miaka miwili na nusu anayehesabu hadi kumi kwa Kifaransa kwa kufuata wimbo anafurahisha, lakini mwombe akupe viazi viwili kutoka kwenye kapu. Akikupa konzi nzima, basi alichonacho ni wimbo.

Kwa nini mtoto mdogo hajifunzi kwenye kioo wakati yaya wa miaka sita anajifunza? Mtoto wa umri huo hajajua bado kwamba picha bapa inayopita inawakilisha kitu halisi anachoweza kukishika. Zaidi ya hapo, picha haimngoji. Mtoto akitazama pembeni, katuni inaendelea. Akisema «ba», hakuna anayegeuka. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walionyesha jambo hilo kwa namna ya kupendeza. Watoto wa miezi 24 hadi 30 walifundishwa vitenzi vipya kwa njia tatu: na mtu aliye chumbani, na mtu aliye kwenye simu ya video akiwaona na kuwajibu, na video iliyorekodiwa. Walijifunza kwa mtu wa chumbani na kwa mtu wa simu ya video. Kwa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kioo ni kilekile, tofauti ni kwamba kimoja kinajibu.

Kwa baba aliye kwenye machimbo ya Bisie na mtoto aliyebaki Ndjingala au Goma, hii ni habari njema. Simu ya video ya dakika tano, mtandao ukiruhusu, haiingii kwenye hesabu ileile na katuni, na madaktari wa watoto wa Marekani waliitenga wazi katika ushauri wao wa 2016. Ila ifanywe kama mazungumzo. Mama amshike mtoto, amwambie «papa anacheka, na wewe mwonyeshe kikombe», baba asubiri kikombe kionyeshwe kisha akitaje. Mtandao ukichelewesha sauti kwa sekunde kadhaa, mtoto hupotea, na hapo ni heri kuzima picha na kumwimbia kuliko kuendelea kupiga kelele «alo, alo».

Sasa tufike kwenye zile zamu za mtoto kujibiwa. Watafiti wa Australia, kazi yao ikachapishwa mwaka 2024, walivalisha watoto wa familia 220 fulana zenye kinasa sauti kidogo, siku nzima kila mara, mara kadhaa kati ya miezi 12 na 36. Mashine ilihesabu maneno ya watu wazima, sauti za mtoto, na zamu za mazungumzo, yaani mmoja akitoa sauti na mwingine akajibu ndani ya sekunde chache. Katika umri wa miezi 36, kila dakika moja ya ziada ya skrini ilienda pamoja na upungufu wa maneno karibu 7 ya watu wazima, sauti karibu 5 za mtoto, na zamu moja. Dakika moja, zamu moja. Ukiweka simu saa nzima, fanya hesabu mwenyewe.

Kuna jambo ambalo kinasa sauti kilionyesha hata kabla ya hapo. Mwaka 2009 Dimitri Christakis na wenzake waliripoti kwamba televisheni ikisikika tu nyumbani, mtoto akiitazama au asiitazame, watu wazima huongea kidogo zaidi na mtoto hutoa sauti chache zaidi. Kwa hiyo spika ya bluutufu inayopiga muziki tangu asubuhi uani nayo huenda inahusika, ingawa haina kioo. Siwaambii watu wazime muziki. Kivu bila muziki nani ataiweza? Lakini saa ya jioni, mtoto akiwa macho na watu wakiwa karibu naye, sauti ishushwe.

Halafu kuna simu ya mtu mzima mwenyewe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi kwetu. Jessa Reed na wenzake, mwaka 2017, waliwaomba akina mama wawafundishe watoto wao wa miaka miwili maneno mawili ya kubuni. Katika neno moja mama hakukatizwa. Katika la pili simu yake iliita katikati, akapokea kwa nusu dakika, kisha akaendelea. Muda wa kufundisha ulisawazishwa na neno lilitamkwa kiasi kilekile. Watoto walilijua lile lisilokatizwa, na la pili hawakulijua. Masisi na Walikale simu inaita kwa sababu zisizokataliwa. Ndugu anauliza kama barabara ya Sake iko wazi, mwingine anatuma hela, mwingine anataka kujua kama risasi zimesikika kwenu. Tangu vita vilipotanda upya, Masisi-Centre ikachukuliwa Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huohuo, simu imekuwa kitu cha kujulia kama mtu yuko hai. Hakuna mtafiti wa kumwambia mama asiipokee. Anachoweza kufanya ni kumalizia neno alilokuwa analisema na mtoto, kumwambia «ngoja, naongea na koko», na akimaliza kurudi kwenye kitu kilekile walichokuwa wameshika.

Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyefanya lile jaribio mashuhuri la miaka ya 1970: mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha anaukausha uso, hacheki wala hajibu, kwa dakika chache tu. Mtoto hutabasamu kumwamsha, hutoa sauti, hunyoosha mikono, kisha hugeuka na kununa au kulia. Tronick huyohuyo alikwenda baadaye msitu wa Ituri, jirani zetu wa kaskazini, na pamoja na Gilda Morelli na Steve Winn akachapisha mwaka 1987 habari za watoto wa Waefe. Mtoto wa Efe wa wiki 18 alikuwa mikononi mwa watu wengine, shangazi, dada, bibi, majirani, zaidi ya nusu ya muda wake. Uso mmoja ukikauka, kuna mwingine. Huo ndio utajiri wa nyumba ya watu wengi, na ndio hupungua familia inapokimbia na kugawanyika: mama peke yake na watoto watatu kwa wenyeji wasiowazoea, bila bibi, bila mawifi. Katika nyumba hiyo simu inachukua nafasi ya mtu aliyekosekana. Anayetaka kuitoa simu bila kutafuta mtu wa kukaa pale anamwongezea mama mzigo.

Kabla ya kuendelea, nieleze ni kiasi gani tunaweza kuuamini ushahidi huu. Majaribio ya Kuhl, ya Roseberry na ya Reed ni majaribio ya kweli, watafiti walipanga nani apate nini, kwa hiyo yanatuambia sababu. Lakini ni ya watoto wachache na ya ujuzi mdogo. Zile tafiti kubwa za kufuatilia watoto kwa miaka haziwezi kupanga nani atazame. Kazi ya Sheri Madigan huko Calgary, Kanada, mwaka 2019, ilifuata mama na watoto 2,441 na kukuta kwamba waliotazama zaidi wakiwa na miezi 24 walipata alama za chini za ukuaji wakiwa na miezi 36, na waliotazama zaidi wakiwa na miezi 36 vivyo hivyo wakiwa na miezi 60. Alipogeuza swali, kama labda watoto waliochelewa ndio hupewa simu zaidi, hakukuta hivyo. Ni ushahidi mzuri, ila uhusiano wenyewe ni mdogo, na karibu watoto wote walikuwa wa nyumba zenye chakula na usalama. Kwa mtoto aliyekimbia mara tatu na kulala njaa, katuni haimo hata kwenye orodha ya mambo matano yanayomdhuru. Nasema hivi ili mama asije akabebeshwa hatia isiyo yake.

Lakini mtoto huyohuyo aliyedhoofika ndiye mchezo unaomsaidia zaidi, na hapa hatubahatishi. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 wa mitaa maskini, wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa. Baadhi walitembelewa na mhudumu wa afya wa mtaa mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuja na vitu vilivyotengenezwa kwa makopo, chupa, mbao na karatasi ngumu, akacheza na mtoto na mama pamoja, akamwonyesha mama jinsi ya kuendelea, akaviacha vitu nyumbani na wiki iliyofuata akavibadilisha na vingine. Watoto hao walipofika miaka 22, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao ambao hawakutembelewa, kama ilivyochapishwa mwaka 2014. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza kila wiki. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo kwenye kipato.

Watoa huduma wanaotibu bwaki wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Katika hatua kumi za Shirika la Afya Duniani za kutibu utapiamlo mkali, hatua ya tisa ni mchezo: dakika 15 hadi 30 kila siku, pamoja na uso wa upole na mama kushirikishwa. Mara nyingi ndiyo hatua inayoachwa wadi ikijaa. Na karibu nasi, huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, akina mama waliokimbia vita na watoto wao waliokuwa kwenye mpango wa chakula cha dharura waliongezewa vikundi vya mama na mtoto na matembezi ya nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: mama walishughulika zaidi na watoto wao, vitu vya kuchezea viliongezeka nyumbani, na mama wenyewe walipungukiwa na huzuni na wasiwasi. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Mchezo haukuwa kazi nyingine juu ya kazi zao.

Sasa tuweke nyumba ya mfano. Mama anaishi kwa wenyeji Nyabiondo, ana mtoto wa miezi 14 anayetambaa na kusimama kwa kushikilia, na binti wa miaka minane. Amerudi shambani saa kumi, amechota maji, na kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu anapika. Simu inatolewa hapo. Ukimuuliza kwa nini, hatasema katuni zinafundisha. Atasema moto. Mafiga yako chini, sufuria ya maharagwe inachemka, na mtoto aliyeanza kusimama anavutwa na moshi. Simu ni ua la kumzuia. Ushauri wowote usioanza na moto utatupwa, na ni haki utupwe.

Kwa hiyo kwanza ua. Mkeka unawekwa hatua nne au tano kutoka mafiga, upande upepo unakotoka, na mbele yake bidoni mbili au tatu zilizojaa maji, nzito za kutosha zisisukumwe, vifuniko vikikazwa. Mtoto akichoka, mgongoni kwa kikwembe, lakini si wakati wa kuinama kwenye mafuta ya moto. Binti anakaa upande wa moto, kati ya mtoto na mafiga. Hapo ndipo mchezo unaweza kuanza.

Kwa miezi 14 mchezo ulio bora ni wa kutia na kutoa. Chukua kopo la plastiki lenye mdomo mpana, lililokuwa la chakula. Lililobeba dawa ya shamba au mafuta ya gari halifai hata likioshwa mara kumi. Kata tawi kavu la mkaratusi lenye unene wa sentimita 4 au 5 katika vipande vitano vya urefu wa sentimita 6. Kwa watu wa Sake na Mushaki jiwe la volkano ndilo msasa: sugua ncha mpaka zisichome mkono wako mwenyewe. Walikale, ambako hakuna mawe hayo, mchanga wa mto na kitambaa kibichi hufanya kazi hiyo polepole zaidi. Osha kwa sabuni, anika juani. Mdomo wa kopo uliokatwa kwa kisu uzungushiwe kitambaa na kushonwa. Cha pili ni chupa ndogo ngumu yenye vizibo vya soda ndani, kifuniko kikikazwa na kufungwa kwa gundi au kwa waya uliokunjwa ndani, ili itoe mlio akiitikisa. Cha tatu ni mwanasesere wa vitambaa vya kikwembe, macho yakishonwa kwa uzi, bila vifungo.

Vinavyokatazwa vina sababu moja. Punje ya haragwe, mahindi, kizibo kilicho huru, betri bapa ya redio au ya tochi: chini ya miaka mitatu kitu kinachoingia chote kinywani kinaweza kuziba pumzi, na betri bapa ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa chache. Haragwe lililoingizwa puani huvimba. Gunzi la mahindi linaonekana salama lakini mtoto mwenye meno hulimega, kwa hiyo libaki kwa kaka zake. Kamba yoyote isizidi sentimita 20.

Mama anampa binti kazi moja tu, na inamfaa mtoto wa miaka minane: atie kipande kimoja kwenye kopo, aseme «ndani!», kisha anyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi tano. Kusubiri ndiko kugumu. Watoto wakubwa, na watu wazima pia, hujibu kwa niaba ya mtoto kabla hajapata nafasi. Katika sekunde hizo tano mtoto atatazama kopo, atamtazama dada, labda atanyoosha mkono. Chochote atakachofanya ni zamu yake, na dada anamjibu: «Ee, umekiona! Kitoe.» Akikitupa nje ya mkeka, huo ndio mchezo wenyewe kwa umri wake, dada akirudishe na kukitaja. Lugha iwe ya nyumbani, Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo au Kiswahili. Mama naye anaongea kutoka kwenye sufuria: «Naweka chumvi. Unasikia inavyochemka?» Hilo halimgharimu mkono hata mmoja.

Atacheza kwa dakika tatu, tano, siku njema kumi. Asitarajiwe zaidi. Ndiyo maana vitu vitatu havitolewi pamoja: kimoja kinatoka, viwili vinafichwa, na kila wiki kinabadilishwa, kama walivyofanya Kingston. Dakika za kati, mtoto atazurura na kulalamika. Saa nzima ya kupika haitajazwa. Tunatafuta dakika ishirini za kwanza, zile za moto mkali, na tukizipata hizo mengine yatafuata au hayatafuata. Binti naye asigeuzwe mlezi wa jioni nzima. Ana masomo yake, na dakika ishirini zinatosha kabla kaka au bibi mwenyeji hajaombwa kupokea.

Jioni za mwanzo mtoto ataidai simu na kulia kwa hasira. Kosa la kawaida hapa ni kumwacha alie dakika kumi, kisha kumpa. Amejifunza kwamba bei ya simu ni dakika kumi za kilio, na kesho ataanza na bei hiyo. Heri simu isionekane kabisa saa hiyo, ikae kibandani ikichajiwa au mfukoni mwa mtu aliye mbali. Ikiwa mama mwenyewe anaitazama kila baada ya dakika mbili, hakuna kopo litakaloshindana nayo. Na jioni ambayo mama ana homa, au milio imesikika mlimani na kila mtu anasubiri habari, katuni ya nusu saa haitamharibu mtoto. Iwe nyimbo za polepole, na mtu akae karibu akitaja kinachoonekana.

Ili kujua kama kuna kitu kimebadilika, mama hahitaji fulana ya Australia. Jioni moja kabla ya kuanza, achague muda wa kuchemsha chai, aweke kijiwe kwenye sahani kila mtoto anapotoa sauti au ishara na mtu akajibu. Arudie baada ya wiki tatu, muda uleule, simu ikiwa haipo. Vijiwe vikiongezeka, kazi inakwenda, hata kama mtoto hajasema neno jipya. Visipoongezeka, mara nyingi utakuta kwamba kitu cha kuchezea kimepewa mtoto na watu wameondoka. Kopo lililoachwa peke yake na mtoto halijibu, kama simu tu.

Mtoto aliyepita miaka miwili anaweza kutazama kidogo, na hapo mwenye kutazama naye ndiye anayeleta faida. Chagua filamu fupi, dakika kumi, simamisha katikati, muulize mbuzi amekwenda wapi. Lakini kwa umri huo hadithi ya jioni inaishinda kwa mbali. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, ambao Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956, ukachapishwa 1969. Msimulizi aliimba na kucheza, na waliokaa pale walimwitikia. Si lazima bibi ajue utendi mzima. Sungura mmoja na kiitikio kimoja ambacho mtoto anangoja zamu yake kukiimba kinatosha.

Jambo la mwisho ni la kutazamwa kwa jicho tofauti. Mtoto wa miezi 12 asiyetoa silabi wala kunyoosha kidole, au wa miezi 18 asiye na neno hata moja, asihukumiwe haraka kwamba ni simu. Usaha wa masikio uliorudi mara kwa mara, homa ya uti wa mgongo, malaria kali au manjano ya siku za kwanza huweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi hupewa simu mapema kwa sababu picha ndizo zinazomtuliza. Mama akae nyuma yake, asionekane na kivuli chake kisionekane, mtoto akiwa ametulia na kopo lake. Atikise ile chupa ya vizibo kwa upole upande wa kulia, anyamaze, kisha upande wa kushoto. Mtoto mwenye miezi tisa na zaidi hugeuka kutafuta mlio. Asipogeuka kwa siku mbili tofauti, apelekwe kituo cha afya, na mama aeleze alichokiona na alitumia chupa gani.